Kazidisha kila namba sawasawa, mbona AB imepigwa mkasi?

DadaWaKibaha:
Wakuu wa hisabati, habari za jioni. Nina daftari la mdogo wangu wa kidato cha nne hapa mbele yangu, zoezi la matriksi. Wamepewa hizi mbili:

```
A = | 2  3 |      B = | 5  1 |
    | 1  4 |          | 2  6 |
```

Wakaambiwa watafute A + B, 2A, AB na A². Kwenye A + B kaandika 7, 4, 3, 10, amepata. Kwenye 2A kaandika 4, 6, 2, 8, amepata. Kwenye AB kaandika hivi:

```
AB = | 10   3 |
     |  2  24 |
```

Hapo kapigwa mkasi, hakuna alama hata moja, na hakuna maelezo pembeni. A² nayo kaandika 4, 9, 1, 16, mkasi tena. Nimerudia hesabu zake moja moja: 2 mara 5 ni 10, 3 mara 1 ni 3, 1 mara 2 ni 2, 4 mara 6 ni 24. Sioni alipokosea. Kama kujumlisha unachukua namba na mwenzake aliye nafasi ileile, kuzidisha kwa nini isiwe hivyohivyo?

Mwl_Chaki:
Dada, hesabu zake za kuzidisha ni safi. Tatizo ni kwamba amejibu swali lingine, na mwalimu yuko sahihi kukata.

AB haipatikani kwa kukutanisha nafasi na nafasi. Unachukua safu mlalo ya A, unaikutanisha na safu wima ya B. Namba ya kwanza ya mlalo inazidishwa na namba ya juu ya wima, ya pili ya mlalo na ya chini ya wima, kisha unajumlisha. Jumla hiyo ndiyo namba moja tu ya jibu. Kwa hizi zenu inakuwa hivi:

```
mlalo 1, wima 1:  2×5 + 3×2 = 10 +  6 = 16
mlalo 1, wima 2:  2×1 + 3×6 =  2 + 18 = 20
mlalo 2, wima 1:  1×5 + 4×2 =  5 +  8 = 13
mlalo 2, wima 2:  1×1 + 4×6 =  1 + 24 = 25

AB = | 16  20 |
     | 13  25 |
```

Angalia kazi yake kwenye daftari utaona dalili bila hata kukokotoa. Zao la matriksi mbili za 2 kwa 2 linadai kuzidisha mara 8 na kujumlisha mara 4. Yeye kazidisha mara 4 na hakuna alama ya kujumlisha popote. Ukiona AB ya mwanafunzi haina "+" hata moja kwenye njia, simama hapohapo.

A² ni kosa hilohilo limevaa nguo nyingine. Kakipandisha kila kitu kipeo cha pili mahali pake. A² maana yake A mara A, kwa hiyo nayo inakwenda mlalo kwa wima.

Fundi_wa_Mahesabu:
Mwalimu kamaliza. Niongeze tu kwamba kuzidisha nafasi kwa nafasi hakupo kwenye hisabati, ni kitu wanafunzi wamejitungia. Na njia ya kumthibitishia ni determinanti: determinanti ya zao lazima iwe sawa na zao la determinanti. Ya A ni 2×4 − 3×1 = 5. Ya B ni 5×6 − 1×2 = 28. Kwa hiyo ya AB lazima iwe 140. Ya kwake ni 10×24 − 3×2 = 234. Imekataa. Dada, kila akimaliza swali apime hivyo, ikitoka sawa jibu ni sahihi.

Jirani_wa_Same:
Jamani mimi nimekokotoa kwa njia ya mlalo kwa wima nikapata tofauti na mwalimu:

```
| 11  19 |
| 10  30 |
```

Determinanti: 11×30 − 19×10 = 330 − 190 = 140. Imekubali kabisa. Kwa hiyo kuna mtu kati yetu kakosea, na kipimo cha Fundi kinasema si mimi. Hebu mwalimu arudie.

Mwl_Chaki:
Ndugu yangu wa Same, umechukua milalo ya B ukaikutanisha na wima za A. Ulichopata ni BA, na kama BA ni sahihi kabisa. Swali lilitaka AB. Kwenye namba za kawaida 2 mara 5 na 5 mara 2 ni kitu kimoja. Kwenye matriksi kugeuza mpangilio kwa kawaida kunabadilisha jibu, kama unavyoona mwenyewe.

Na hapa nimsahihishe Fundi kwa heshima, maana ushauri wake una nusu ya ukweli na hiyo nusu nyingine itawaumiza watoto. Determinanti ikikataa, jibu ni kosa, hilo halina mjadala. Ikikubali, haijakuambia kwamba jibu ni sahihi. Determinanti ya BA ni 28×5, ambayo nayo ni 140. Haiwezi kutofautisha AB na BA hata siku moja.

Fundi_wa_Mahesabu:
Hapo kwenye mpangilio nakubali, sikuufikiria. Lakini kwa kosa la dada, la nafasi kwa nafasi, kipimo kimelikamata au hakikulikamata?

Mwl_Chaki:
Kimelikamata, ndiyo. Kwa namba hizi.

Chebet_F3:
Habari zenu. Mimi niko kidato cha tatu huku Kenya na tumeanza matriksi juzi. Nimejaribu hilo swali nikapata 13, 22 juu na 9, 26 chini. Nikapima determinanti: 13×26 ni 338, 22×9 ni 198, ukitoa unapata 140. Sasa nimechanganyikiwa kwa sababu jibu langu si la mwalimu wala si la huyo wa Same, na bado ni 140. Nilizidisha na nikajumlisha, sikufanya nafasi kwa nafasi.

Mwl_Chaki:
Chebet, asante sana kwa kuleta hili, maana ndilo kosa linalofuata mtoto akishaacha lile la kwanza. Tazama namba yako ya kwanza, 13. Umeipataje?

Chebet_F3:
2 mara 5, ongeza 3 mara 1.

Mwl_Chaki:
Basi umechukua mlalo wa A na *mlalo* wa B. 5 na 1 vimekaa upande kwa upande kwenye B. Uliotakiwa kuuchukua ni wima wa kwanza, 5 na 2, moja juu ya nyingine. Kilichotoka ni zao la A na B iliyolazwa, yaani B ambayo milalo yake imegeuzwa kuwa wima. Kulaza matriksi hakubadilishi determinanti, ndiyo maana 140 imejitokeza tena. Kwa hiyo tuna majibu matatu tofauti hapa, yote yana determinanti 140, na AB ni moja tu kati yake.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni cha jumla za milalo. Jumlisha kila mlalo wa B: 5+1 ni 6, 2+6 ni 8. Hizo mbili zisimamishe kama wima na uzipitishe kwenye A:

```
2×6 + 3×8 = 12 + 24 = 36
1×6 + 4×8 =  6 + 32 = 38
```

Sasa jumlisha milalo ya jibu lako. Lazima upate 36 juu na 38 chini. Ya AB: 16+20 ni 36, 13+25 ni 38. Zimekaa. Za nafasi kwa nafasi: 13 na 26, zimekataa. Za BA: 30 na 40, zimekataa. Zako Chebet: 35 na 35, zimekataa. Kuzidisha mara nne tu na umekamata makosa yote matatu.

Nukta_na_Mhimili:
Kipimo hicho cha mwalimu kina sababu nyuma yake, si bahati. Kujumlisha milalo ni sawa na kuzidisha matriksi kwa wima yenye 1 na 1. Kama jibu kweli ni AB, basi kulizidisha kwa hiyo wima lazima kulete kilekile unachopata ukianza na B halafu A. Wanaokagua mazao ya matriksi kubwa kwa kompyuta wana njia ya namna hiyohiyo, iliyotolewa na Freivalds mwaka 1977: badala ya 1 tupu wanaweka 0 na 1 kwa kubahatisha na kurudia mara kadhaa.

Ila tusiwadanganye watoto. Mtu akiandika 17 na 19 badala ya 16 na 20, jumla bado ni 36 na kipimo kitapita. Ukitaka kuziba hilo, fanya na za wima: jumlisha wima za A, unapata 3 na 7, zipitishe kwenye B: 3×5 + 7×2 = 29, na 3×1 + 7×6 = 45. Wima za jibu ni 16+13 = 29 na 20+25 = 45. Ile 17 na 19 ingetoa 30 na 44, ingeonekana.

DadaWaKibaha:
Nimefuatilia mpaka hapa, asanteni. Namna ya kufanya nimeielewa na kipimo nimekielewa. Lakini mdogo wangu kaniuliza kitu kimoja ambacho sina jibu: *nani alisema iwe hivyo?* Kujumlisha ni nafasi kwa nafasi. Kuzidisha kwa 2 ni kila nafasi. Ghafla hii moja inakwenda mlalo kwa wima. Nikimwambia "ndiyo kanuni" ataikariri, mtihani ukifika ataisahau.

Nukta_na_Mhimili:
Swali zuri, na linajibika bila kusema "kanuni". Mpe duka.

Mama anataka sukari kilo 2 na unga kilo 3. Jirani anataka sukari kilo 1 na unga kilo 4. Kuna maduka mawili. Bei hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano: duka la kwanza sukari 3000 na unga 2000, la pili sukari 2800 na unga 2200.

```
           sukari unga               duka1  duka2
mama     |   2     3  |    sukari  | 3000   2800 |
jirani   |   1     4  |    unga    | 2000   2200 |
```

Mama atalipa kiasi gani duka la kwanza? 2×3000 + 3×2000 = 12000. Umechukua mlalo wa mama na wima wa duka la kwanza. Duka la pili 2×2800 + 3×2200 = 12200. Jirani duka la kwanza 1×3000 + 4×2000 = 11000, la pili 1×2800 + 4×2200 = 11600. Hakuna aliyemfundisha mtu yeyote kanuni hapo. Kila anayekwenda dukani anaifanya.

Sasa fanya kama alivyofanya mdogo wako, nafasi kwa nafasi. Namba ya juu kulia inakuwa 3×2800. Ile 3 ni kilo za unga. Ile 2800 ni bei ya *sukari*. Umeuziwa unga kwa bei ya sukari. Ya chini kushoto ni 1×2000, sukari kwa bei ya unga. Zile mbili za mshazari, 2×3000 na 4×2200, zina maana, lakini ya kwanza ni sukari ya mama bila unga wake na ya pili ni unga wa jirani bila sukari yake. Hakuna hata namba moja kati ya nne inayokuambia mtu atalipa shilingi ngapi.

Muulize asome kwa sauti kila namba inahesabu nini, si ngapi. Atajikamata mwenyewe.

Bi_Mshazari:
Mfano wa duka ni mzuri kwa kuanzia, ila mimi nausita kidogo. Mtoto atakuuliza: haya, na A² je? Mama mara mama? Kilo mara kilo? Duka halina jibu hapo, na yeye A² kaikosa pia.

Mimi ningempeleka kwenye kubadilisha herufi, kwa sababu ndiko kanuni yenyewe ilikotoka. Cayley alipoandika juu ya matriksi mwaka 1858 alikuwa anafikiria hili: una milinganyo inayokutoa kwenye herufi mbili kwenda nyingine mbili, halafu milinganyo mingine nyuma yake. Mwambie aweke hivi:

```
x = 2u + 3v        u = 5p +  q
y =  u + 4v        v = 2p + 6q
```

Kushoto namba za A, kulia namba za B. Mwambie aondoe u na v, aandike x na y kwa p na q. Hiyo ni aljebra ya kidato cha pili:

```
x = 2(5p + q) + 3(2p + 6q) = 16p + 20q
y =  (5p + q) + 4(2p + 6q) = 13p + 25q
```

16, 20, 13, 25. Ni AB yenyewe, na hakuna aliyemtajia mlalo wala wima. Alama ya "+" imetoka kwenye kukusanya p na p. Na A² ina maana sasa: ni kufanya badiliko lilelile mara mbili mfululizo.

Nukta_na_Mhimili:
Nakubali kuhusu A². Bado naona mtoto aliyekwama kwenye mabano atapotea hapo kabla hajafika kwenye matriksi. Duka kwanza.

Bi_Mshazari:
Hapo tutatofautiana, dada. Lakini yuko kidato cha nne, kuna daraja la tatu ambalo tayari analo. Kwenye mabadiliko ya jometri wanapeleka nukta kwa matriksi. Dada wa Kibaha, mwambie apeleke nukta (5, 2) kwa matriksi A, halafu nukta (1, 6), uone anafanyaje.

DadaWaKibaha:
Subirini nimwite.

Kafanya. Ya kwanza kaandika 2×5 + 3×2 = 16 na 1×5 + 4×2 = 13, nukta (16, 13). Ya pili (20, 25). Hakusita hata kidogo.

Bi_Mshazari:
Basi anajua. (16, 13) ni wima wa kwanza wa AB, (20, 25) ni wima wa pili. B ni nukta mbili zimesimama bega kwa bega. Anapoona wima mmoja anafanya vizuri kwa sababu hakuna nafasi ya kuoanisha. Anapoona sanduku la 2 kwa 2 pembeni ya jingine la 2 kwa 2, jicho linarudi kwenye kujumlisha. Mwambie AB ni kupeleka nukta mbili kwa mpigo, na azifunike kwa kipande cha karatasi, wima mmoja kwa wakati.

KodiNaData:
Naomba nimrudie Fundi aliyesema kuzidisha nafasi kwa nafasi hakupo. Kupo, na kunaitwa zao la Hadamard. Linaandikwa kwa alama yake, A ⊙ B, si AB. Linatumika sana kwenye picha na data, mfano ukitaka kufunika sehemu ya picha: unazidisha kila nukta ya picha kwa 0 au 1 iliyo mahali pake.

Nalisema kwa sababu hapa kazini kwangu kosa la mdogo wake dada hulifanya watu wazima. Tazameni:

```python
import numpy as np
A = np.array([[2, 3], [1, 4]])
B = np.array([[5, 1], [2, 6]])
print(A * B)
print(A @ B)
```

Ya kwanza inatoa 10, 3, 2, 24. Ya pili inatoa 16, 20, 13, 25. Nyota kwenye `np.array` ni nafasi kwa nafasi. Zao la matriksi ni `@`. Kompyuta hailalamiki, kwa sababu zote mbili ni halali. Kwenye Octave ni kinyume: `A * B` ni zao la matriksi na `A .* B` ni nafasi kwa nafasi. Kwenye R `A * B` ni nafasi kwa nafasi tena, na zao la matriksi ni `A %*% B`. Kwenye Excel utumie `MMULT`. Mtu akihamisha fomula kutoka Octave kwenda Python bila kubadili nyota, matokeo yanatoka, yana umbo sahihi, na ni uongo mtupu.

Fundi_wa_Mahesabu:
Nimejifunza. Basi nifute "hakupo" niseme "haliitwi AB". Swali: kama dada angempa mdogo wake akague jibu kwa hiyo nyota, kompyuta ingemuunga mkono?

KodiNaData:
Ingemuunga mkono namba kwa namba. Ndiyo maana nimeleta.

Chebet_F3:
Nina swali. Mwalimu wetu alianza na mfano huu: juu 2, 0, chini 0, 3, mara juu 5, 0, chini 0, 6. Jibu 10, 0, 0, 18. Nilifanya nafasi kwa nafasi nikapata hilohilo, na nikapewa tiki. Ilikuwaje?

Mwl_Chaki:
Hiyo ndiyo mifano ambayo mimi siianzi nayo. Matriksi zote mbili zikiwa na 0 kila mahali nje ya mshazari mkuu, njia zote mbili zinatoa jibu moja. Sehemu ya "jumlisha" inakuwa jumlisha 0, haionekani, mtoto anajenga tabia mbaya na anapewa tiki juu yake. Mfano wa kwanza usiwe na 0 wala 1 hata mmoja, na wa pili uwe wa maumbo tofauti, 2 kwa 3 mara 3 kwa 2. Hapo anayetaka nafasi kwa nafasi anakosa pa kuzioanisha na inabidi aulize.

Kinyume chake, mfano unaoiumbua njia hiyo haraka ni ile matriksi I, yenye 1 kwenye mshazari mkuu na 0 kwingine. Kila mwanafunzi anajua IA lazima irudishe A. Nafasi kwa nafasi inarudisha 2, 0, 0, 4. Ile 3 na ile 1 zimefutika. Na kwa wanaotafuta kinyume cha A ili watatue milinganyo: kinyume cha hii A ni 4, −3, −1, 2, vyote vigawe kwa 5. A mara hicho inatoa I kwa mlalo kwa wima. Kwa nafasi kwa nafasi inatoa 8, −9, −1, 8 vikigawiwa kwa 5, ambayo haifanani na I hata kwa mbali. Anayekagua kinyume chake kwa njia hiyo atafuta jibu sahihi akidhani kakosea.

Jirani_wa_Same:
Mimi la alama ndilo linaniuma. Mtoto kazidisha mara nne bila kosa, apewe hata moja ya juhudi.

Chebet_F3:
Huku kwetu kuna alama ya njia, M, na alama ya jibu, A. Njia ikiwa si sahihi, ile A nayo huipati.

Mwl_Chaki:
Na hapa njia yenyewe ndiyo kosa, kwa hiyo alama ya njia haina pa kushika. Aliyeandika 2×5 + 3×2 = 17 kakosea kujumlisha, huyo njia yake inaonekana na anastahili kitu. Ndiyo maana nasisitiza waandike ile mistari minne kamili kabla ya jibu.

Jirani_wa_Same:
Bado naona angalau mwalimu angeandika neno moja pembeni. Mkasi mtupu haukumfundisha kitu, ndiyo maana dada kaja huku.

Bi_Mshazari:
Kwenye hilo niko na wewe. "Mlalo kwa wima" ni maneno matatu.

Mwl_Chaki:
Darasa la watoto themanini, daftari themanini. Sitetei, nasema tu.

Dada, kitu cha mwisho cha kumpa leo, namna ya kupanga karatasi. B asiiandike pembeni ya A. Aipandishe juu kulia, na jibu likae chini yake, pembeni ya A:

```
            | 5   1 |
            | 2   6 |
  | 2   3 | | 16  20 |
  | 1   4 | | 13  25 |
```

Kila namba ya jibu iko kwenye njia panda: ukitazama kushoto unauona mlalo wake, ukitazama juu unauona wima wake. Inaitwa mpango wa Falk. Kwa mpangilio huu nafasi kwa nafasi haivutii tena, maana A na B hazitazamani, na kosa la Chebet nalo linakufa, kwa sababu mlalo wa B haumo njiani. Ajaribu A² na B² kwa mpango huo, kisha apime jumla za milalo.

DadaWaKibaha:
Narudi na majibu yake. A² kapata 7, 18 juu na 6, 19 chini. Milalo ya A inajumlika 5 na 5. Akazipitisha kwenye A akapata 25 na 25. 7+18 ni 25, 6+19 ni 25. Imekaa.

B² kapata 27, 11 juu na 22, 36 chini. Milalo ya B ni 6 na 8. Akazipitisha: 5×6 + 1×8 = 38, na 2×6 + 6×8 = 60. Juu 27+11 ni 38, sawa. Chini 22+36 ni 58. Amekaa anaitazama.

Nukta_na_Mhimili:
Pungufu ni 2, na iko mlalo wa pili. Usimwambie.

DadaWaKibaha:
Kaiona. Kwenye njia panda ya mwisho kaandika 6×6 peke yake, kaacha 2×1. Ni 38.

Mwl_Chaki:
27, 11, 22, 38. Sahihi.